Ishirini na Moja Nukta Sita

Kila mwalimu ana uvivu wake, na uvivu wa Bureti ulikuwa barua moja. Bureti ni jina la utani. Wanafunzi walimpa kwa ajili ya urefu na wembamba wake, kama ule mrija wa kioo wa kupimia asidi maabara, na yeye alilijua vizuri ila alijifanya halijui. Alikuwa na mwaka wa kumi na saba akifundisha kemia, na katika miaka yote hiyo alikuwa na barua moja tu ya kumpendekeza mwanafunzi. Ilikaa kwenye kompyuta ya chumba cha walimu kama godoro la wageni, kila anayekuja analalia hilohilo. “Ni mwanafunzi mwaminifu, mwenye bidii, nidhamu ya hali ya juu na akili isiyo na kifani. Ni hazina adimu kwa taifa.” Unabadilisha jina, unapiga chapa, unatia saini, unaendelea na chai yako.

Jamani, siku za mwizi ni arobaini. Alhamisi hiyo saa tatu asubuhi aliketi kwenye kompyuta na kukuta ujumbe kutoka kamati ya ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Aliyeandika alikuwa na adabu, lakini adabu yenye meno.

“Mwalimu, tumepokea barua zako tatu za waombaji watatu. Wote watatu ni hazina adimu isiyo na kifani. Aidha, barua ya mwombaji wa kike inasema ni golikipa na nahodha wa timu ya wavulana. Hatuwezi kumpima mtu kwa barua hii. Tunaomba barua mpya ya mwombaji huyo, iliyo na matukio mawili au matatu uliyoyashuhudia mwenyewe: alifanya nini, katika mazingira gani, na kulitokea nini. Iwe na saini yako, wadhifa wako na namba ya simu. Mwisho ni leo saa kumi jioni. Bila hiyo, ombi lake litawekwa kando.”

Bureti alisoma mara mbili, masikio yakimwaka. Golikipa! Aliyekuwa golikipa ni kijana wa mwaka juzi. Barua ilikuwa yake kabla ya kuwa ya msichana huyu, na mstari mmoja ulisahaulika ndani.

Msichana mwenyewe wenzake walimwita Kobe. Hakuwa mzito wa akili, hata kidogo. Alikuwa wa mwisho kutoka maabara kila siku, basi. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu mwema, asiye na makuu. Alikwisha kumwambia: ufadhili ukija, nenda mwanangu ukasome. Usipokuja, kiti kipo hapa karibu na dirisha, mashine ya pili ni yako. Kwa hiyo saa kumi jioni ile ilikuwa na mambo mawili tu, chuo au mashine ya pili.

“Umeona jini?” aliuliza Mama Lugha, mwalimu wa Kiswahili, aliyekaa meza ya pili akisahihisha insha. Wote walimwita hivyo, hata mkuu wa shule.

Bureti alimgeuzia kompyuta asome. Mama Lugha alisoma, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

“Golikipa! Lo, umemvisha mtoto wa watu glavu.”

“Usinicheke. Nisaidie.”

“Nikusaidie nini? Mimi simjui kikemia. Ila nitakuambia ninachowaambia wa kidato cha pili.” Alichukua kalamu nyekundu akaigonga kwenye nakala ya ile barua ya zamani iliyokuwa mezani. “Hapa, ‘mwenye bidii’. Nani aliiona? Wapi? Siku gani? Alikuwa ameshika nini mkononi? Kama huna jibu, futa. Hapa tena, ‘mwaminifu’. Ulijuaje? Aliokota nini akarudisha? Kama huna, futa. Sifa ambayo inamfaa kila mtu haimfai yeyote. Tafuta jambo alilofanya yeye ambalo mwingine darasani asingelifanya, ulisimulie lilivyokuwa. Usiseme ni hodari. Simulia, wao wenyewe watasema ni hodari.”

“Na kama sikumbuki?”

“Miaka minne umemfundisha, unasema hukumbuki?” Mama Lugha aliacha kucheka. “Hilo sasa si tatizo la barua, kaka yangu.”

Ukweli ni kwamba alikumbuka. Alikumbuka jambo moja, tena kwa usahihi wa kutisha, na ndiyo maana jasho lilikuwa linamtoka chini ya shati asubuhi yote ile. Kengele ililia, akaenda kufundisha kidato cha tatu. Aliandika ubaoni mlinganyo uliokosewa na hakuna aliyemwambia kitu.

Mambo yalikuwa hivi. Miezi minne kabla, kidato cha nne kilifanya mtihani wa majaribio wa vitendo. Unaweka maji ya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, kwenye chupa kwa pipeti, mrija wa kupimia, unadondosha asidi kutoka kwenye bureti tone kwa tone, dawa ya kiashiria inapobadilika rangi unasoma asidi iliyotumika ni kiasi gani. Unarudia mara tatu. Alama za usahihi zinatolewa kwa kulinganisha namba ya mwanafunzi na namba ya mwalimu, na mwalimu anatakiwa aipate namba yake kwa kufanya jaribio lilelile, siku ileile, kwa dawa zilezile.

Bureti hakufanya. Alikuwa na haraka. Alipiga hesabu kwenye karatasi: soda na asidi nilizotengeneza zina nguvu sawa, ujazo wa soda ni mililita ishirini na tano, basi jibu ni ishirini na tano. Tena kwa haraka ileile akabandika kwenye chupa lebo zilizotaja nguvu za vyote viwili, badala ya kuandika herufi tu. Mwanafunzi yeyote mwenye macho aliona lebo na kujua mwalimu anataka nini. Wanafunzi arobaini waliandika ishirini na tano, au nukta moja juu, au nukta moja chini kwa ajili ya heshima. Kobe peke yake aliandika ishirini na moja nukta sita, ishirini na moja nukta tano, ishirini na moja nukta sita. Na chini yake, kwa mwandiko mdogo: “Nimerudia mara ya nne kwa kuwa nilidhani nimekosea. Bado ni 21.6.”

Bureti alimkata alama zote za usahihi. Alama za hesabu zikafuata, kwa kuwa zilitoka kwenye namba hiyohiyo. Kobe akashuka kutoka daraja la kwanza hadi la pili.

Lakini ile sentensi ilimkera. Kwa nini mtu arudie mara nne ili akosee? Jumatatu iliyofuata jioni, alipokwenda kumwaga mabaki ya dawa za mtihani, alijaza bureti mwenyewe, akafungua bomba lake. Rangi ikabadilika. Ishirini na moja nukta sita. Akarudia. Ileile. Akafungua kopo la vidonge vya soda alilotumia akakuta mfuniko haukukazwa, na vidonge vimekunywa unyevu wa hewa mpaka vimegandana. Alikuwa amepima maji akidhani anapima soda. Soda ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Wanafunzi arobaini waliandika kile ambacho hawakukiona, na mmoja aliyeandika alichokiona ndiye aliyeadhibiwa.

Wakati huo Mkuu alikwisha kuwasomea wazazi matokeo: kemia imevunja rekodi ya shule. Watu walipiga makofi. Bureti alisimamishwa jukwaani, naye akasimama. Kwa hiyo Jumatatu ile alimwaga mabaki yote kwenye sinki, akafungulia maji mengi, akafunga maabara. Tangu hapo kila akimwona Kobe alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Ndilo jambo alilokumbuka. Mwone sasa alivyobanwa. Kamati inataka tukio alilolishuhudia mwenyewe, na analo moja la dhahabu, ila kulisimulia ni kujianika.

Saa sita mchana aliandika. Aliandika kila kitu, ukurasa mmoja na robo, kwenye karatasi yenye nembo ya shule, kisha akaipeleka kwa Mkuu kama ilivyokuwa desturi. Hakuna karatasi ya nembo iliyotoka bila muhuri, na muhuri ulikaa kwenye droo ya Mkuu, ufunguo shingoni mwake.

Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti. Upole wake ndio uliokuwa hatari. Alisoma taratibu, akageuza ukurasa, akarudi wa kwanza.

“Mwalimu wangu,” alisema, “hii ni barua ya kumpendekeza mtoto au ya kunishtaki mimi?”

“Kamati wanataka mifano, Mkuu.”

“Mifano ni mingi. Wape mingine.”

“Huu ndio unaomwonyesha yeye. Mingine ingemfaa mtu yeyote.”

“Unaonyesha pia wanafunzi arobaini waliopika namba. Unaonyesha mwalimu asiyefanya jaribio lake. Unaonyesha mkuu aliyesoma matokeo ya uongo mbele ya wazazi.” Alikunja barua mara mbili, akaiweka chini ya kiwiko chake. “Hao arobaini nao wana maombi yao. Umewafikiria wazazi wao? Ukitia kidole hapa, ukuta mzima unadondoka, na wa kwanza kufunikwa ni wewe. Mimi sitakuwa nyuma yako.”

“Sasa niandike nini?”

“Andika alisaidia wenzake. Andika alibaki kufagia maabara. Nani atakwenda kuhesabu mifagio? Buni, mwalimu. Muhuri upo, njoo na barua saa tisa.” Akatabasamu kama mtu aliyempa mwenzake zawadi.

Bureti alitoka bila barua yake. Korido ilikuwa na wanafunzi wanaocheka, naye alimwona kila mmoja wao kama shahidi. Aliketi chumba cha walimu akaanza kubuni. “Siku moja mwanafunzi huyu alibaki kufagia…” Siku gani? Ufagio upi? Maswali ya Mama Lugha yalimrudia. Akafuta. Akaandika tena. Akafuta. Saa nane ikapita. Alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kujichukia hata siku ile ya sinki, maana siku ile alikuwa na kisingizio cha kuchoka.

Kisha wazo likamjia, wazo la mwoga, ambalo kwa muda lilionekana la busara. Si walimu wengi humwita mwanafunzi awape orodha ya mambo aliyofanya? Ni utaratibu mzuri kabisa. Barua yenyewe mwanafunzi haioni, ni siri kati ya mwalimu na kamati, lakini anaweza kukumbushia. Pengine Kobe ana mambo mawili matatu ya kweli ambayo yeye hakuyaona. Akiyapata hayo, atamwokoa mtoto, na ile namba itabaki ilipo. Akamtuma mtu amwite maabara.

Kobe alikuja na daftari. Alikuwa mfupi, sketi imepigwa pasi kwa ustadi wa nyumba ya fundi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Keti. Kamati wanataka nieleze mambo uliyoyafanya wewe, si sifa tu. Nitajie unayoyakumbuka. Usione haya.”

Alifikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yake. “Ile bureti ya sita ilikuwa inavuja. Tone moja kwa kila dakika nne hivi. Ukiwa mwepesi huoni. Niliifunga uzi mwekundu ili mtu asiitumie.”

“Ni wewe?” Bureti aliukumbuka ule uzi. Alikwisha kuukata mara moja akidhani ni mchezo wa wavulana, na siku ya pili akaukuta umerudi. “Kwa nini hukusema?”

“Ulikuwa na wageni, mwalimu.”

Aliandika hilo haraka haraka. Moja! Moyo ukapata nafasi kidogo. “Lingine?”

“Kuna mtoto wa kidato cha kwanza alikuwa anaogopa kuwasha kichomeo cha gesi. Tulikuwa tunawasha na kuzima wakati wa mapumziko, wiki mbili. Sasa anawasha mwenyewe.”

Mawili! Bureti alihisi kama mtu aliyefunguliwa mkanda. Yanatosha. Yote ya kweli, hayamgusi mtu. Alitazama saa ya ukutani: tisa kasorobo. Muhuri utapigwa, atatuma, mtoto ataenda chuo, na yeye atalala.

“Na la tatu,” alisema Kobe, “ambalo naona ndilo zuri zaidi, nimejifunza kukubali makosa.”

“Vipi?”

“Ule mtihani wa majaribio, mwalimu. Niling’ang’ania namba yangu mpaka nikairudia mara nne, kumbe nimekosea. Iliniuma sana. Lakini ilinifundisha. Sasa nikipata namba, kwanza natazama ya wenzangu. Ikiwa tofauti, naifuta naandika yao. Tangu hapo sijakosa tena.” Alisema hivyo kwa fahari, akimtazama mwalimu wake usoni. “Unaweza kuandika hilo.”

Bureti hakuweza kuandika chochote. Kalamu ilikuwa mkononi na mkono ulikuwa wake, lakini haukusogea. Alikuja maabara kuficha namba, na namba ilikuwa imekaa mbele yake kwenye kigoda, imevaa sketi iliyopigwa pasi. Kumbe hakumnyima alama tu. Kile kitu pekee ambacho angeweza kuiambia kamati, kwamba huyu haandiki asichokiona, alikwisha kukiua yeye mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na miezi minne mtoto alikuwa akikizika polepole akidhani anakua.

“Hukukosea,” alisema.

“Samahani, mwalimu?”

“Hukukosea. Soda ilikuwa mbovu. Niliitengeneza vibaya mimi. Namba ya kweli ilikuwa ishirini na moja nukta sita. Nilifanya mwenyewe baadaye, mara mbili. Wewe ndiye uliyepata. Wenzako wote waliandika lebo.”

 Kobe alilifunga daftari lake, akalifungua tena. Uso wake haukuwa na furaha. Bureti alikuwa akiitegemea furaha ile, nusu yake kwa ajili ya mtoto na nusu kwa ajili yake mwenyewe, na ilipokosekana alianza kuongea ovyo: kwamba kopo halikukazwa, kwamba Mkuu alikwisha kusoma matokeo, kwamba hali ilikuwa ngumu, kwamba yeye si mtu mbaya.

“Nilimwambia baba mikono yangu si ya maabara,” alisema Kobe. “Alinibembeleza nijaribu ombi hili. Mimi nilikuwa nimeshakubali cherehani. Nilijaza fomu kwa ajili yake tu.”

“Naandika barua nyingine. Naandika yote. Mkuu hataki, hatapiga muhuri…”

“Kamati wameomba muhuri?”

Bureti aliukumbuka ule ujumbe. Saini, wadhifa, namba ya simu. Ndivyo walivyoandika. Hawakuomba muhuri, hawakuomba nembo. Siku nzima alikuwa amejifungia kwenye chumba ambacho mlango wake haukuwa na komeo, kwa kuwa miaka kumi na saba hakuwahi kuujaribu. Kutoka ilikuwa rahisi. Kilichokuwa nje ndicho kilichomtisha: Mkuu, wazazi, wanafunzi arobaini, na barua ya kuitwa kujieleza ambayo ilikuwa haikosi kuja.

“Hawakuomba,” alisema.

Kobe alisimama. Alikuwa akilia sasa, bila kujifuta, na bila kutazama chini kama mwanafunzi anayelia mbele ya mwalimu.

“Ulijua lini, mwalimu?”

“Baadaye.”

“Baadaye lini?”

Angeweza kusema wiki hii. Angeweza kusema leo asubuhi, na hakuna binadamu angempinga, maana sinki halitoi ushahidi.

“Jumatatu ile,” alisema. “Kabla hujarudishiwa karatasi yako.”

“Basi andika na hiyo.” Alichukua daftari lake, akaenda mlangoni, akatoka.

Bureti alirudi chumba cha walimu. Mama Lugha alimwona usoni, akanyanyuka akampisha kompyuta bila utani wowote. Aliandika kwenye ukurasa mweupe usio na nembo. Aliandika uzi mwekundu na bureti ya sita, tone moja kwa dakika nne, na kwamba yeye aliukata uzi na mwanafunzi akaurudisha. Aliandika kichomeo na wiki mbili za mapumziko. Kisha aliandika wanafunzi arobaini na mmoja, lebo, kopo lisilokazwa, namba tatu na ile sentensi ya chini neno kwa neno. Aliandika kwamba daraja la pili lililomo kwenye ombi ni kosa la mwalimu. Aliandika kwamba tangu wakati huo mwanafunzi amekuwa akifuta namba zake na kuandika za wenzake, na kwamba hilo nalo ni kazi ya mwalimu, si tabia aliyozaliwa nayo.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili mlango ulifunguliwa. Mkuu alisimama pale na muhuri mkononi, ameuleta mwenyewe.

“Nimekungoja,” alisema kwa upole. “Umemaliza?”

“Bado mstari mmoja,” alijibu Bureti. Akaandika: “Nililijua kosa hili Jumatatu kabla ya kurudisha karatasi, na sikumwambia mpaka leo.” Chini yake akaweka jina lake, saini aliyokuwa nayo kwenye kompyuta, wadhifa wake na namba ya simu. Mkuu alikuwa anakuja, viatu vyake vikilia sakafuni. Bureti hakugeuka, akabonyeza kutuma.